Tarehe ya leo kwa kosa la jana: maswali kuhusu kurekebisha faili la mgonjwa

Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi hapa Malindi. Mama mmoja aliniambia chupa ilipasuka saa kumi, nikaandika 10:00. Asubuhi ya pili akasema ni saa kumi ya alfajiri. Nifute 10:00 niweke 04:00, maana hiyo ndiyo kweli?

Marahaba, mwanangu. Hiyo 10:00 usiifute wala usiandike juu yake. Iache ilivyo, uandike nyongeza yenye tarehe ya leo.

Umenieleza kwamba mama alifika 14:20 na mtoto akazaliwa 23:15. Ukihesabu kutoka 10:00, chupa ilikuwa imepasuka kwa saa 13 na robo. Ukihesabu kutoka 04:00, ni saa 19 na robo. Hapo katikati pana saa 18, mpaka ambao ukivukwa mtoto huhesabiwa kuwa katika hatari ya maambukizi na huangaliwa kwa jicho lingine. Kwa hiyo kosa lako si la tarakimu tu. Limembadilishia mtoto usiku wake wa kwanza.

Sasa fikiria wenzako wa zamu ya usiku. Walisoma 10:00, wakapata saa 13, wakamlaza mtoto ubavuni mwa mamake kama watoto wengine. Hawakukosea, kwa sababu walifanya kazi kwa saa waliyoikuta. Ukiandika 04:00 juu yake, faili litasema kwamba walijua ni saa 19 na wakanyamaza. Utakuwa umewasingizia bila kukusudia. Na daktari atakayemwona mtoto asubuhi hatajua kwamba usiku kucha hapakuwa na mtu aliyekuwa akimchunga kwa ajili ya maambukizi, ilhali hilo ndilo analohitaji kujua kuliko yote.

Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe zamani. Niliitwa nieleze kwa nini sikumwita daktari kwa mama mwenye presha ya 160/110. Nilipokuwa zamu, karatasi ilisema 130/80. Mtu alipima tena baadaye na, badala ya kuandika kipimo kipya kwa saa yake, akaandika juu ya kile cha zamani. Sikuwa na cha kuonyesha ila neno langu. Tangu siku hiyo, kila nikiona tarakimu iliyonenepeshwa kwa kalamu hujiuliza ni nani atakayeitwa kuijibu.

Na wewe na wenzako muizoee dalili moja ya kosa hili la saa. Mtu anayesema kwa Kiswahili hawezi kuiita 10:00 "saa kumi". Ataiita saa nne. Saa kumi ni 04:00 au 16:00. Mama aliyefika 14:20 hakuwa ameifikia saa kumi ya jioni, kwa hiyo ilibaki ya alfajiri peke yake. Ukisikia saa kutoka kwa mgonjwa, muulize: kabla ya adhana gani, au jua lilikuwa wapi? Kisha ndipo uigeuze.

Basi hiyo nyongeza naiandikaje? Hatukufundishwa zaidi ya kuambiwa "usifute".

Kabla ya kalamu, nenda kwa mtu. Mwarifu klinikali ofisa au daktari wa zamu kwanza, kwa sababu mtoto hatasubiri karatasi. Halafu rudi kwenye kadeksi, tafuta mstari mtupu wa kwanza baada ya maandishi ya mwisho, uandike hapo. Usijipenyeze kwenye nafasi iliyobaki jana, wala pembeni. Kwa kisa chako ningeandika hivi:

> 13/3/2025, saa 08:35. Nyongeza kwa maandishi yangu ya 12/3/2025, saa 14:20. Niliandika kwamba chupa ilipasuka 10:00. Leo saa 08:10 mama ameeleza kwamba ilipasuka saa kumi ya alfajiri, yaani 04:00 ya 12/3/2025. Nilikosea kugeuza saa ya Kiswahili. Mtoto alizaliwa 23:15, hivyo muda ni saa 19 na dakika 15, si saa 13 na dakika 15. Klinikali ofisa wa zamu amearifiwa saa 08:25, amemchunguza mtoto; tazama maandishi yake. (Jina, cheo, namba ya usajili, sahihi.)

Nimeiandika kwa Kiswahili ili tuelewane. Wodini mtaiandika kwa Kiingereza cha faili, lakini mpango wake ni uleule. Tarehe ya kwanza ni ya leo, saa unayoandika kweli. Ya jana inatajwa ndani, ili msomaji ajue ni maandishi gani yanayorekebishwa. Kosa linarudiwa kama lilivyoandikwa. Kisha inafuata habari mpya pamoja na chanzo chake. Angalia nimesema "mama ameeleza", sikusema "ukweli ni". Huenda naye kumbukumbu imemchanganya, na anayesoma ana haki ya kujua kwamba saa hii imetoka kinywani mwa mama, si kwenye saa ya ukutani.

Sababu ya kosa itaje kwa sentensi moja, iishie hapo. Nimeona nyongeza zilizojaa msamaha, na nyingine zilizojaa lawama kwamba wodi ilifurika na wauguzi walikuwa wawili. Hayo yana pahali pake, kwenye ripoti ya tukio. Faili ni la mgonjwa.

Mwisho, rudi kwenye ile 10:00 ya jana, uandike kando yake kwa herufi ndogo "tazama nyongeza 13/3/2025, 08:35" pamoja na herufi za jina lako, bila kuifunika tarakimu. Bila hicho kidokezo, atakayefungua ukurasa wa jana peke yake atadanganyika tena. Kama saa hiyo iliingia pia kwenye partografu na kwenye kitabu cha mama na mtoto, huko nako weka kidokezo kama hicho. Partografu usiichore upya. Kitabu nacho usikisahau, kwa sababu mama atakwenda nacho nyumbani, na kliniki watakisoma chenyewe bila faili lenu.

Je, kila herufi niliyokosea inataka nyongeza? Kalamu huteleza mara kumi kwa siku.

La. Ukiwa bado unaandika, na hakuna aliyesoma wala kutenda kwa neno hilo, kata mstari mmoja juu yake, liendelee kusomeka, tia herufi za jina, tarehe na saa, kisha endelea. Tipeksi, wembe na kuchorachora mpaka karatasi itoboke havifai hata hapo. Lakini zamu ikishabadilishwa, au dawa imetolewa kwa maandishi yale, au umeshatia sahihi na kufunga, hiyo si kalamu tena. Hapo andika nyongeza.

Aliyeandika kosa amehamishiwa Mpeketoni. Mimi ndiye niliyeligundua. Naweza kumrekebishia?

Maneno yake huwezi kuyarekebisha, dada, hata akikupigia simu na kukupa ruhusa. Unachoweza kuandika ni ulichokiona wewe. Tuseme aliandika kwamba mgonjwa hana mzio wa dawa, nawe leo umeambiwa na mgonjwa kwamba penisilini ilimvimbisha uso. Andika kwa jina lako na saa yako kwamba mgonjwa ameeleza hivyo, na kwamba maandishi ya tarehe fulani yanasema tofauti. Weka alama ya mzio pale wodi yenu inapoiweka, mara moja. Kisha mwambie incharji amtafute mwenzako huko aliko. Akija, au akitumiwa njia ya kuandika, ataongeza lake kwa tarehe ya siku hiyo.

Na usiandike "muuguzi aliyetangulia hakuuliza". Hukuwapo. Pengine aliuliza na mgonjwa akajibu hapana.

Niko kituo cha afya Faza. Nilimpa mgonjwa barua ya rufaa, akapanda mashua kwenda Lamu. Baadaye nikaona nimeandika kwamba sindano ya diazepamu alipewa 09:00, kumbe ni 11:00. Barua imeshakwenda na maji.

Piga simu kabla mashua haijafika, uzungumze na atakayempokea. Tofauti ya saa mbili kwa dawa inayolaza si kitu kidogo. Mgonjwa akishushwa gatini akiwa mzito wa kuamka, wao watadhani dawa imeshapungua na watatafuta sababu nyingine, au watamwongezea.

Baada ya simu, andika nyongeza kwenye faili lako la Faza: kosa, saa sahihi na umeipata wapi (chati ya dawa, bila shaka), uliyemwarifu, kwa cheo chake, na saa ya simu. Halafu tuma barua fupi ya marekebisho yenye tarehe ya leo, ikitaja barua ya kwanza. Usitengeneze barua mpya ya rufaa yenye tarehe ileile na kuomba ile ya kwanza ichanwe. Zitabaki barua mbili zinazopingana, zote zina sahihi yako, na hakuna atakayejua ipi ilisomwa mgonjwa alipofika.

Sisi siku hizi tunaandika kwenye kompyuta. Nikishafunga maandishi hayafunguki. Mwenzangu ananiambia nimwombe fundi ayafungue.

Usimwombe. Kufungika huko ndiko kulinda. Tafuta pahali pa kuongeza maandishi chini ya yale yaliyofungwa. Mfumo utatia saa wenyewe. Hatari ya kompyuta iko kwingine: mtu hunakili maandishi ya jana na kuyabandika leo, na kosa likasafiri siku tano. Kwa hiyo ukiandika nyongeza, soma na siku zilizofuata, utaje kila pahali kosa liliporudiwa.

Mgonjwa amelalamika, na mwanawe ameomba nakala ya faili. Mkubwa wangu anataka niongeze leo maelezo ambayo sikuyaandika siku ile, lakini niweke tarehe ya siku ile. Nifanye nini?

Tarehe ya siku ile usiiandike. Maelezo kama ni ya kweli na unayakumbuka, yaandike kwa tarehe na saa ya leo, sema wazi kwamba ni maandishi yaliyochelewa, na kwamba unaandika kwa kumbukumbu baada ya malalamiko kufika. Usilolikumbuka liache. Nyongeza iliyokuja baada ya malalamiko itatiliwa shaka, hilo huwezi kulikwepa, lakini tarehe ya kweli huipa nafasi ya kusikilizwa.

Tarehe ya uongo hujulikana. Wino hutofautiana, mistari hubanana pale palipokuwa na nafasi, na mara nyingi nakala ya ukurasa ule ilishatoka na rufaa au na bima kabla hujauongeza. Nakala mbili zikiwekwa mezani, hata lile la kweli uliloandika halitaaminika.

Huyo mgonjwa naye ana njia yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuona habari zake na kuomba zilizo za uongo au za kupotosha zirekebishwe. Akiomba, ombi lake liwekwe failini, na marekebisho yaandikwe kama yale ya chupa na saa kumi. Mwambie mkubwa wako hayo kwa adabu, mbele ya incharji wa kumbukumbu, na kama atasisitiza, mwombe akuandikie agizo hilo kwa mkono wake na tarehe ya leo.