Kabla hamjaongeza kikombe, pimeni bawa

Kapu la sidiria zilizorudishwa na wateja limejaa kuliko kapu la zilizokamilika, na kila ninayoitoa humo nakuta imetibiwa kwa dawa ileile. Mteja alilalamika kwamba anabanwa, fundi akaongeza kikombe. Mteja akarudi na lalamiko jipya, fundi akaongeza tena. Wadogo zangu, kikombe hakijitegemei. Kimeshonwa kwenye mfereji wa waya, mfereji umeshonwa kwenye fremu, fremu inavutwa na mabawa, vile vipande vya pembeni vinavyozunguka hadi kulabu za mgongoni, na nguvu ya mabawa ndiyo inayoamua waya utakuwa na umbo gani ukishavaliwa. Anayebadilisha kikombe bila kupima hivyo vingine anabahatisha, na anabahatisha kwa kitambaa changu.

1. Waya ukae kwenye mkunjo wa titi

Waya hauchaguliwi kwa kuutazama ukiwa juu ya meza. Unachaguliwa kwa mkunjo ulio chini ya titi, pale titi linapoanzia kwenye ubavu, kuanzia katikati ya kifua hadi titi linapokoma chini ya kwapa. Mteja akishavaa, bonyezeni taratibu ncha ya nje ya waya kwa kidole kimoja: ukigusa mbavu, umekaa mahali pake, ukizama kwenye nyama laini, umelikalia titi lenyewe, maana yake duara lake ni jembamba mno na hakuna kikombe kitakachouponya. Ukichoma kwapa, ama mguu wake wa nje ni mrefu mno, ama duara lake ni pana kuliko titi. Mguu mrefu hukatwa kwa koleo na ncha yake ikazibwa vizuri, lakini duara pana haliponi kwa kukatwa. Tafuteni waya mwingine.

Kila ncha ya waya iachiwe nafasi ya milimita 5 au 6 ndani ya mfereji kabla ya mshono wa kufunga. Yupo mwenzenu, simtaji kwa sababu ni mchapakazi na anisomapo atajijua, ambaye hujaza waya mfereji mzima hadi mwisho “usije ukacheza”. Waya unatakiwa ucheze. Unapovaliwa hufunguka kidogo, na ncha zake husogea. Zikikuta mshono unazisubiri, hutoboa mfereji baada ya sidiria kufuliwa mara chache tu, kisha mteja anakuja dukani akiwa ameushika waya mkononi kama ushahidi wa mahakamani.

2. Mabawa ndiyo yanayoufungua waya

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoaibika.

Nilikuwa nimeshonea kiolezo kimoja kwa muda mrefu, mabawa yake nikiyakata kwa neti ya kunyumbuka ambayo kipande cha sentimita 10 kilivutika hadi 15 bila taabu. Neti ile ikaisha. Nikapata nyingine, rangi ileile, mng’ao uleule, nzito kidogo mkononi, na kwa kuwa ilikuwa nzito nikajiambia kwamba ni bora zaidi. Nikakata kwa kiolezo kilekile, nikashona, nikamkabidhi mama mmoja ambaye alikuwa mteja wangu wa muda mrefu, mwenye kifua cha sentimita 76 chini ya matiti na kikombe C.

Alirudi baada ya siku chache. “Mwanangu,” akaniambia, “hii imenishika, lakini hainibebi.” Nikamwomba avae nione. Daraja, kile kipande cha katikati kinachounganisha vikombe viwili, lilikuwa limeinuka, haligusi mfupa wa kifua. Ukingo wa juu wa kikombe ulikuwa unakata nyama. Ncha za nje za nyaya zilikuwa zinaelekea kwapani. Nikasoma dalili mbili za kwanza, nikaiacha ya tatu. Daraja lililoinuka na ukingo unaokata mara nyingi humaanisha kikombe kidogo, kwa hiyo nikakata kikombe kikubwa zaidi kwa saizi moja, na kwa kuwa kikombe kikubwa hudai waya mkubwa, nikabadilisha waya pia. Mabawa sikuyagusa. Yule mama akavaa tena: sasa waya ulikuwa unamchoma kwapa waziwazi, na chini ya kikombe kitambaa kilikuwa kimejikunja, hakina cha kukijaza. Nikasema labda kamba za bega zimelegea, nikazikaza. Alinitazama kwenye kioo bila kusema neno, nami nikajua kwamba anajua kuwa sijui.

Aliyenitoa ni fundi mkongwe niliyejifunza kwake. Hakuuliza habari za kikombe hata kidogo. Alichukua futi, akapima umbali kati ya ncha mbili za waya ukiwa mezani, kisha akamwomba mteja avae na akapima tena. Mezani ulikuwa sentimita 12. Mwilini ulikuwa 14 na nusu. Kisha akaikata kingo ya bawa la akiba, akaweka alama mbili zenye umbali wa sentimita 10, akavuta. Neti yangu bora ilifika 12 ikagoma.

Fuateni hesabu yake, kwa sababu ndiyo somo lenyewe. Sidiria ile ilipofungwa kwenye kulabu za nje kabisa ilikuwa na mzunguko wa sentimita 66 ikiwa haijavutwa. Mwili ulikuwa 76, kwa hiyo sentimita 10 zilipaswa kutoka mahali fulani. Fremu ya mbele, yaani daraja na sehemu zilizo chini ya vikombe, ilikuwa sentimita 36 na haivutiki, kwa sababu tuliitilia bitana ngumu kwa makusudi. Kipande cha kulabu kilikuwa sentimita 4, nacho hakivutiki. Zilibaki sentimita 26 za mabawa, 13 kila upande. Kiolezo kilitarajia kila waya ufunguke kama sentimita 1, hivyo mabawa yalitakiwa kutoa sentimita 8 zilizobaki, na neti ya zamani ingezitoa bila kufika mwisho wa uwezo wake. Neti mpya, hata ikivutwa hadi kugoma, ilitoa sentimita 5 tu na kitu kidogo. Zile nyingine karibu 5 zilitolewa na nyaya, kila mmoja sentimita 2 na nusu badala ya 1.

Waya ukifunguka hivyo, kikombe kilichoshonwa juu yake hutanuka kwa upana na kupoteza kina. Titi linakosa pa kukaa, linasukuma daraja mbele na kumwagikia ukingo wa juu. Dalili zote za kikombe kidogo zinajitokeza katika kikombe ambacho kilikatwa sawasawa. Mimi nilikiongeza, nikaweka waya mpana ambao nao ulivutwa na mabawa yaleyale, nikazidisha upana ambao ndio uliokuwa ugonjwa.

Tiba ilikuwa kurudisha kikombe na waya wa mwanzo, na kukata mabawa marefu zaidi. Mabawa yalipaswa kufika sentimita 34 yakiwa yamevutwa. Kwa neti inayogoma kwenye asilimia 20, hatuwezi kuitumia hadi mwisho, maana mwili unapumua, hivyo tulikadiria iwe imevutwa asilimia 12 tu ikivaliwa. 34 ukigawanya kwa 1.12 unapata kama 30.4, yaani kila bawa sentimita 15 na kidogo badala ya 13. Daraja likalala kifuani. Mama yule akalipa mara moja, si mara tatu, na kitambaa nilichoharibu kikawa juu yangu.

Kwa hiyo, kila jora jipya la neti likiingia karakanani, kateni kipande, wekeni alama za sentimita 10, vuteni kwa upande utakaouzunguka mwili, andikeni jibu kwenye ubao. Msiniletee habari za “inafanana na ile”. Upande wenye mnyumbuko mkubwa ndio unaozunguka mwili. Akikata mtu kinyume chake, atapata bawa gumu hata kwa neti nzuri.

Kosa la upande wa pili lipo pia, yaani neti inayolegea kupita kiolezo. Huko mkanda hupanda mgongoni, mbele hushuka, na waya huteleza chini ya mkunjo. Hapo nako daraja huweza kuachana na kifua, na hapo nako mtu huja kuniambia kikombe ni kidogo.

3. Kikombe na saizi zake

Mteja akisema mkanda unambana lakini vikombe viko sawa, msimkatie 36C badala ya 34C. Herufi ya kikombe haina ujazo wake peke yake. Inasomwa pamoja na namba ya mkanda. Ujazo wa 34C ni sawa na wa 32D na 36B, na waya wao ni mmoja. Anayehitaji mkanda mpana zaidi kwa kikombe kilekile anahitaji 36B, ambayo kwa mikono yetu ina maana ya kuacha kikombe na waya kama vilivyo na kurefusha mabawa. Nimelisema hili mara nyingi hata mpishi wa hapa jirani analijua.

Jambo jingine ni mshono. Kiolezo chetu kimeacha milimita 6. Mkishona kwenye 8, kila mshono wa ndani ya kikombe unakula milimita 4, mbili kila upande. Na mshono wa waya unakula 2 kushoto na 2 kulia. Kikombe chenye mshono mmoja wa wima kitakuwa kimepungua milimita 8 kwa upana kabla hakijaguswa na mtu, nanyi mtalaumu kiolezo. Pimeni kikombe kilichoshonwa dhidi ya kiolezo, kuanzia mshono wa waya, kupita kwenye kilele, hadi mshono wa waya upande wa pili. Futi ifuate mviringo, isipite hewani.

4. Mengine mafupi

Lastiki ya chini haivutwi chini ya vikombe. Ivutwe kidogo kwenye mabawa tu. Mkiivuta mbele, fremu itajikunja na kuusukuma waya juu.

Sidiria mpya ipimwe ikiwa imefungwa kwenye safu ya nje ya kulabu. Safu za ndani ni za baadaye, lastiki ikishachoka. Mteja ambaye siku ya kwanza anatoshwa na safu ya ndani kabisa amepewa mkanda mkubwa, hata kama ameondoka anatabasamu.

Mwambieni asiianike juani wala asiitie dawa ya klorini, kwa sababu joto na klorini huua mnyumbuko wa neti na lastiki. Bawa likilegea, waya nao utashuka, na ataileta hapa akidai kikombe. Akiileta, anzeni na futi kwenye bawa.