Skripti ya Ayubu: "mimi" awe nani?

"Nataka video ya sekunde 40 kuhusu subira, kwa nafsi ya kwanza, kupitia Nabii Ayubu. Nianzeje?"

Usimwigize Nabii, ndugu yangu. "Mimi" awe mgonjwa anayemkumbuka:

"Maumivu yameninyima usingizi. Nikamkumbuka Ayubu, naye aliguswa na dhara. Hakunyamaza, alimwita Mola: 'Mimi imenigusa dhara, nawe ndiye unayerehemu kuliko wote wanaorehemu.' Hata hakutaja anachotaka! Akaambiwa apige ardhi kwa mguu: haya maji baridi ya kuogea na kunywa. Nami nainua mikono."

Baada ya dua, nyamaza sekunde mbili. Dua imo Suratul Anbiyaa, aya ya 83. Maji yamo Suratu Saad, aya ya 42. Kisa cha funza mwilini kiache, Kurani haikitaji.