Kichwa cha habari kikunjue kwanza, ndipo ukitafsiri

Hapa Kigoma mtafsiri haishi kwa Kiswahili na Kiingereza peke yake. Burundi ni jirani, Kalemie iko ng'ambo ya ziwa, na ofisi kadhaa zinazoshughulika na wakimbizi au biashara ya mpakani zina watu wanaosoma Kifaransa tu. Hao ndio wateja wangu wakubwa. Ninawaandalia muhtasari wa magazeti yetu: kichwa cha habari, aya ya kwanza, na maelezo ya picha.

Vijana wanaoanza kazi hii hudhani ugumu uko kwenye aya. Si kweli. Aya ina sentensi kamili, ina mtenda, ina mahali na siku. Kichwa cha maneno manne kimevuliwa vyote hivyo, kisha mhariri amekiongezea mchezo wa maneno juu yake. Kwa hiyo nashauri jambo moja kabla ya mengine yote: kabla hujagusa lugha ya pili, kikunjue kichwa kwa Kiswahili. Kiandike upya kama sentensi ndefu ambayo ungemwambia mzee wako aliyekaa barazani na hajaliona gazeti. Nani, kafanya nini, lini, na nani anasema hivyo. Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, bado hujakielewa kichwa, hata kama maneno yake yote unayajua.

Nitatumia mifano niliyoitunga mwenyewe kwa mtindo wa magazeti yetu, ili nisimtwike mhariri yeyote maneno ambayo hakuandika. Wa kwanza ni wa michezo:

Simba yatua mzingani Tabora

Msomaji wetu anaupata mara moja. Tabora ni nchi ya asali, na timu ya huko iliyocheza Ligi Kuu msimu wa 2023/24 kwa jina la Tabora United iliitwa na mashabiki wake Nyuki wa Tabora. Simba ni klabu ya Dar es Salaam. Mgeni hana hata kimoja kati ya hivyo, na akitafsiriwa neno kwa neno atasoma habari ya mnyama wa porini aliyeangukia kwenye mzinga.

Anza na upatanisho, kwa sababu ndio unaotoa siri. Kichwa kimesema "yatua", si "atua". Mnyama hai angechukua a-: Simba aua ng'ombe, Simba avamia zizi. Klabu inachukua i-: Simba yaua, Simba yang'ara. Herufi hiyo moja inatosha kukuambia uko ukurasa wa michezo hata kama umetumiwa kipande cha gazeti kilichokatwa bila picha. Kanuni ni hiyo hiyo kwa Mashujaa ya hapa Kigoma: "Mashujaa yazimwa" ni timu, "Mashujaa wazikwa" ni watu. Wahariri hucheza kwenye mpaka huo kwa makusudi. Jina linampa msomaji picha ya mnyama au ya askari, upatanisho unamrudisha kwenye klabu.

Halafu kuna wakati. "Yatua" ni ile -a- ambayo mtaani hatuitumii sana, tungesema "imetua". Gazetini -a- hubeba jambo lililokwisha kutokea, mara nyingi jana yake. Bahati nzuri Kifaransa nacho huweka kitenzi cha wakati uliopo kwenye kichwa cha jambo la jana, kwa hiyo hapo unavuka bila shida. Shida iko kwenye mwenzake. Kama kichwa kingesema "Simba kutua Tabora", hiyo ku- ingemaanisha bado haijafika, itafika. Ndivyo tunavyoandika mambo yajayo: Waziri kuzindua gati, Bei ya mawese kupanda. Ukihamishia Kifaransa kitenzi-jina kitupu cha namna hiyo, msomaji wao ataona maelekezo, kama yale ya kwenye chupa ya dawa au ya mapishi. Lazima umrudishie kitenzi mwenyewe wake na wakati wake.

Sasa nakunjua: klabu ya Simba ya Dar es Salaam imewasili Tabora kucheza na timu ya huko, ambayo jina lake la utani ni Nyuki. Hiyo ndiyo habari. Kilichobaki ni mchezo wa maneno, na hapa najiuliza swali moja tu: mchezo huu umebeba habari, au umebeba ladha?

Mzinga huu umebeba vyote viwili kidogo. Ladha ni nyuki. Habari ni dokezo kwamba mechi itakuwa ngumu. Kifaransa kina msemo wake wa kujitumbukiza kwenye kiota cha nyigu, na mtafsiri mgeni ataurukia kwa furaha. Mimi siuchukui hapa, na sababu ni ya maana. Msemo ule unamlaumu anayeingia: amejiingiza taabuni kwa ujinga wake na sasa kutoka hawezi. Kichwa chetu hakijasema hivyo. Klabu imepangiwa ratiba, imesafiri, imefika. Tena ukiweka nyigu, jina la utani la wenyeji limepotea, wakati aya itakayofuata inawaita Nyuki. Nikiukataa, nabaki na kitu ambacho Kifaransa hukifanya vizuri kuliko sisi, yaani kichwa kisicho na kitenzi kabisa. Naandika kwa lugha yao maneno yenye maana ya "Simba nyumbani kwa Nyuki wa Tabora". Wenyeji na wageni wametajwa, mdudu yupo. Kwenye mabano naongeza neno moja, kandanda, kwa ajili ya msomaji ambaye hajui Simba ni nini. Mzinga nimeuacha na siuhuzunikii.

Kama mchezo wa maneno ungekuwa ladha tupu, ningeuacha wote na kutoa habari kavu. Mteja anayefuatilia habari za mpakani hanilipi nimchekeshe. Lakini kama mchezo ndio habari yenyewe, tuseme mhariri anamsuta kiongozi kwa kugeuza kauli yake mwenyewe, hapo siwezi kuuacha. Naandika maana iliyokunjuliwa na mstari mmoja chini yake unaoeleza kauli iliyogeuzwa ni ipi.

Mfano wa pili hauna utani, na ndio ninaousimamia kwa ukali zaidi nikikagua kazi ya mtu:

Katibu wa ushirika adaiwa mamilioni ya tumbaku

Kitenzi "adaiwa" kina sura mbili. Kikifuatwa na kiasi cha fedha, kwa kawaida ni deni: adaiwa milioni 18, yaani hajalipa. Kikifuatwa na kitenzi, ni tuhuma: adaiwa kula milioni 18. Mhariri akibanwa na nafasi hukata "kula", na kichwa kikabaki katikati. Je, katibu huyu ana deni la pembejeo, au wakulima wanasema ameiba? Kichwa peke yake hakitakujibu, kwa hiyo usikitafsiri peke yake. Soma mpaka umpate anayedai. Ukiona wanachama au polisi, ni tuhuma. Ukiona benki au msambazaji wa mbolea, yaelekea ni deni.

Ikiwa ni tuhuma, Kifaransa kina chombo ambacho sisi hatuna. Magazeti yao huchukua umbo la kitenzi linalofanana na -nge- yetu na kulitumia kwa jambo lisilothibitishwa. Kwetu "angekula" ni sharti. Kwao, ndani ya habari, umbo hilo linasema "inasemekana amekula, sisi hatujathibitisha". Kitenzi kimoja kinamaliza kazi yote ya "adaiwa". Lakini chagua njia moja: ama umbo hilo, ama neno la tuhuma pamoja na jina la anayetuhumu. Ukirundika vyote, msomaji ataona unatilia shaka hata tuhuma yenyewe. Na usiache vyote viwili, maana hapo umemhukumu mtu kwa kalamu yako.

Uangalifu huo huo uwe nao kwenye vichwa visivyo na kitenzi. "Katibu mbaroni" amekamatwa, "katibu kizimbani" amefikishwa mahakamani, "katibu jela" amehukumiwa. Ni hatua tatu tofauti za kisheria, na kila moja ina neno lake Kifaransa. Usivute hatua mbele ili kichwa kinoge.

Kwenye maelezo ya picha ufinyu ni wa namna nyingine. Hapa anayetawala ni -ki-: Mkuu wa wilaya (wa pili kulia) akikabidhiwa boti ya doria, jana. Hiyo -ki- si ya sharti, inaonyesha tendo lililonaswa na kamera. Kwa Kifaransa naigeuza kitenzi cha wakati uliopo na sentensi inasimama. Jicho liende kwenye mwisho wa kitenzi: "akikabidhi" anatoa, "akikabidhiwa" anapokea, "akimkabidhi" kuna mtu wa pili lazima umtaje. Silabi hiyo ikikuponyoka, mfadhili na mfadhiliwa wamebadilishana nafasi kwenye ripoti ya mteja wako.

"Wa pili kulia" huhesabiwa kuanzia ukingo wa kulia wa picha kwa macho ya anayeitazama, na hivyo ndivyo uandike, kwa ukamilifu, kuanzia kulia. Ukiandika "wa pili, upande wa kulia" umeleta utata. Kama una picha yenyewe, hesabu vichwa. Magazeti hukata pembe za picha, na wa pili wa mpiga picha anaweza kuwa wa kwanza wa ukurasani. "Jana" nayo igeuze tarehe, ukihesabu kutoka tarehe ya gazeti na si siku ulipolisoma. "Picha ya maktaba" isipotee, kwa kuwa inamwambia msomaji tendo analoliona si la habari hii.

Liko pia lile la picha kubeba nusu ya kichwa. Juu ya picha ya meli mhariri anaandika "Ajuza arejea majini", na kila mtu wa Kigoma anajua ni MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa 1916 na kuibuliwa 1924. Meli ingepaswa kusema "yarejea". A- imeifanya mtu. Kifaransa nacho huziita meli na taasisi kongwe bibi mzee, kwa hiyo mchezo unavuka mzima. Lakini muhtasari wangu huenda kwa maandishi bila picha, na bibi mzee asiye na picha ni bibi mzee kweli. Jina la meli naliingiza ndani ya kichwa, hata kikirefuka.

Na mkubaliane malipo mapema. Ukilipwa kwa idadi ya maneno, kichwa cha maneno manne kitakupa senti chache kwa kazi iliyokula nusu saa. Mimi vichwa na maelezo ya picha navitoza kwa kila kimoja, na sentensi niliyoikunjua kwa Kiswahili nabaki nayo kwenye faili, ili mteja akiuliza nyuki wametokea wapi niwe na la kumwonyesha.