Rx na Rz: ipi itangulie?

"Nazungusha nukta kwa Rx na Rz, nyuzi 90 kila moja. RᵀR = I na det R = 1, lakini jibu si la kitabu. Nimekosea wapi?"

Ndugu, shaka yangu ni mpangilio. Chukua (1,0,0). Ukianza na Rz inafika (0,1,0), kisha Rx inaipeleka (0,0,1). Ukianza na Rx haisogei, kwa sababu iko juu ya mhimili wenyewe wa x. Rz ikifuata, unaishia (0,1,0).

Kwa vekta za safu wima, matriksi ya kulia hutangulia: kuanza na Rz huandikwa Rx·Rz. Vipimo vyako viwili havitakuonya, maana zao lolote la mizunguko ni mzunguko pia. Angalia kama kitabu kinatumia vekta za mlalo. Hapo mpangilio hugeuka.