Kumzoesha mtoto mashine ya kinyozi

"Mwanangu ana miaka 4, hataki kelele wala kuguswa kichwa, nimpelekeje kinyozi mara ya kwanza?"

Mama, anza na mashine nyumbani kabla hujafikiria kinyozi, maana kinachomtisha sio kelele tu, ni ule mtetemo unaopita kwenye mfupa hasa nyuma ya sikio. Mpe aishike ikiwa imezimwa, siku nyingine iwashe chumba cha pili mlango wazi, akishazoea mguse kwa mgongo wa mashine, sio upande wa meno, anza kiganjani, kisha begani halafu kisogoni, na akiziba masikio au akikaza mabega rudi hatua moja, usilazimishe. Kumgusa nako, weka kiganja kizima ukandamize kidogo, watoto wengi wasiopenda kuguswa, mguso mwepesi ndo unawakera zaidi kama sisimizi anatembea.

Siku yenyewe ongea na kinyozi mapema, nenda asubuhi hakuna foleni, mwambie awashe mashine mbali na kichwa kwanza na asimfunge lile shuka shingoni, avae tisheti yake ya zamani na ubebe ya kubadilisha coz vinywele vinawasha balaa. Akigoma katikati, mmalizie kwa mkasi au mwondoke tu, nusu kichwa sio msiba😅