Gigahezi 2.4 au 5: Kosa Langu katika Nyumba ya Mawe

Juma lililopita msomaji mmoja wa Ndosho aliniandikia kwamba amenunua ruta ya waifai yenye bendi mbili za mawimbi, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, na fundi wake amemshauri aizime kabisa ile ya gigahezi 2.4 kwa sababu "ni ya kizamani". Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza, kwa maana miaka mitatu iliyopita fundi aliyesema maneno hayo hayo nilikuwa mimi.

Mteja wangu alikuwa mama anayehariri video za harusi mtaani Himbi, hapa Goma, katika nyumba iliyojengwa kwa mawe ya volkano, yenye kuta za unene wa karibu sentimita 40. Niliiweka ruta sebuleni, nikaacha gigahezi 5 peke yake, nikapima nikiwa nimesimama pale pale, nikapata megabiti 20 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi yote aliyokuwa akiilipia. Nikapokea pesa yangu nikaondoka. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya kuta mbili, nami sikuwa nimekanyaga humo.

Kesho yake alinipigia simu: "Papa, video hazipandi." Nilipofika nilimkuta kijana mwingine amekwisha kuifungua bendi ya chini, ile ya 2.4, na kazi inaendelea. Aliniuliza kwa upole, mbele ya watu wote, "Yaya, ulipimia wapi?" Swali hilo bado linaniuma.

Nilirudi baadaye na simu yangu nikapima chumbani humo. Bendi ya juu ilifika ikiwa na nguvu ya -79 dBm na ilitoa megabiti 3, tena kwa kukatika. Bendi ya chini ilifika na -66 dBm na ikatoa 14. (Namba hizi ni hasi, kwa hiyo iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo yenye nguvu.) Hata pasipo ukuta wowote, kwa umbali ule ule na antena za kawaida, gigahezi 5 hupokelewa kwa nguvu pungufu karibu mara tano kuliko 2.4, na jiwe zito huimeza zaidi. Ishara ikidhoofika, ruta hupunguza mwendo ili isieleweke vibaya, na vipande vinavyopotea hutumwa upya. Yale mamia ya megabiti yaliyoandikwa kwenye boksi hayapo tena.

Hata hivyo, asije mtu akatoka hapa akidhani kwamba bendi ya chini ndiyo salama siku zote. Miezi michache baadaye niliitwa kwenye duka la kuchapisha hati huko Birere, jengo la mbao, ambapo simu zilionyesha vistari vyote vya waifai na bado kurasa zilikuwa zikisuasua. Ishara ya 2.4 ilikuwa -45 dBm, nzuri mno, lakini kasi ilikuwa megabiti 4. Tatizo lilikuwa majirani. Katika bendi hiyo kuna njia tatu tu zisizogongana, yaani 1, 6 na 11, na ruta za majirani zilikuwa zimejazana humo, kila moja ikingoja zamu ya kusema. Mbao huzuia mawimbi kidogo sana, kwa hiyo kila jirani alisikika kana kwamba yumo dukani. Nilipohamisha kompyuta kwenye gigahezi 5, ambako njia ni nyingi na majirani hawakuwamo, kasi ilipanda hadi kikomo cha malipo yao. Zile mbao zilizowaletea kelele za majirani ndizo zilizoiruhusu bendi ya juu kupita bila shida.

Kwa hiyo, ndugu wa Ndosho, usizime chochote kabla ya kupima. Zipe bendi mbili majina tofauti, la sivyo simu itajichagulia yenyewe nawe hutajua umepima ipi. Kaa mahali unapofanyia kazi, mlango ukiwa umefungwa, saa mbili usiku majirani wakiwa nyumbani, upime kasi ya kila bendi mara tatu. Ili kujua uko kwenye bendi ipi, kwenye kompyuta ya Windows andika:

```
netsh wlan show interfaces
```

Kwenye mstari wa Channel, ukiona njia ya namba 1 hadi 13, uko kwenye bendi ya chini. 36 au zaidi ni bendi ya juu. Bendi zote mbili zikikupa kasi unayoilipia, basi uchaguzi hauna uzito kwa intaneti. Utauhisi tu unapohamisha mafaili makubwa kati ya kompyuta za nyumbani. Ukilazimika kubaki kwenye 2.4, weka upana wa megahezi 20, kwa maana 40 hula njia za wengine na kukuongezea migongano.

Yule mama wa Himbi nilimrudia kwa gharama yangu. Nilipitisha waya wa mita 15 chini ya dari, nikafunga kituo cha pili cha waifai ndani ya chumba cha kazi, na sasa anatumia gigahezi 5 bila ukuta katikati. Safari hii nilipimia kwenye kiti chake.