Kakwambia mapema kwamba mzigo haleti: ukate mkataba au ungoje siku ifike?

Muuzaji akikwambia Januari kwamba mzigo wa mwisho wa Februari hataleta, sheria haikulazimishi ukae kimya mpaka Februari iishe ndipo udai. Wateja wangu wengi hawaamini hili mpaka niwafungulie kitabu. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kinasema mtu akikataa kabisa kutimiza ahadi yake, au akijiondolea mwenyewe uwezo wa kuitimiza, aliyeahidiwa anaweza kuumaliza mkataba. Halafu kuna kipande ambacho watu hukiruka: isipokuwa kama ameonyesha, kwa maneno au kwa vitendo, kwamba amekubali mkataba uendelee. Kipande hicho ndicho kinachowaponza wengi.

Nichukue shauri moja la mteja wangu, mama anayeuza mchele kwa jumla hapa Dar. Namba nimezibadilisha. Novemba aliingia mkataba na mwenye mashine ya kukoboa huko Kahama: magunia 300 ya kilo mia, kila gunia shilingi 220,000, yafike ghalani kwake kabla ya tarehe 28 Februari. Akatoa malipo ya awali shilingi milioni 20. Wiki ya kwanza ya Januari bei ikapanda, na meseji ikaingia: "Dada, kwa bei ile siwezi tena."

Alipokuja ofisini alitaka tuandike barua ya kuvunja mkataba siku hiyo hiyo. Nikamzuia. Maneno "kwa bei ile siwezi" yanaweza kuwa kukataa, lakini yanaweza pia kuwa mtu anaomba bei iangaliwe upya, na kuomba nyongeza peke yake si kuukana mkataba. Ukikurupuka ukatangaza mkataba umekufa, kumbe mwenzako alikuwa analalamika tu, wewe ndiye unageuka mvunjaji, na yeye ndiye anayekudai fidia. Hapa ndipo nimeona watu wenye haki wakiipoteza kwa hasira. Kwa hiyo tukaandika swali fupi: je, utaleta magunia 300 kwa shilingi 220,000 kabla ya tarehe 28 Februari, ndiyo au hapana? Tujibu kabla ya Ijumaa. Tukaongeza kwamba kuuliza kwetu hakuondoi haki yoyote tuliyo nayo. Jibu lilikuja siku iliyofuata: "Siwezi, tafuta kwingine. Hela yako nitaangalia." Hapo sasa hapakuwa na utata. Na kwa wanaouliza kama meseji ni ushahidi: ndiyo, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua, ila usiifute simu na usitegemee picha ya skrini peke yake.

Kuanzia hapo mama alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kumwambia yule bwana kwamba ameshaukana mkataba, nasi tunauchukua kuwa umekwisha leo. Ya pili ni kusema hatukubali, mkataba upo, tunangoja mzigo wetu tarehe 28.

Mumewe, mtu wa hesabu, alipendelea ya pili. Siku hiyo gunia sokoni Tandale lilikuwa shilingi 250,000, na yeye aliona kabisa mwisho wa Februari litafika 280,000. Akapiga: tukikata leo, tofauti ni 30,000 mara 300, yaani milioni 9. Tukingoja, ni 60,000 mara 300, milioni 18. Kwa nini tujinyime milioni 9?

Hesabu yenyewe haina kosa, kwa sababu kipimo cha kawaida ni bei ya soko siku mzigo ulipopaswa kufika. Ila inadhania kwamba kungoja ni bure. Ukichagua kungoja, mkataba unabaki hai kwa wote wawili. Yule bwana anaweza kubadili mawazo tarehe 25, akaleta magunia yote, nawe huna budi kuyapokea na kulipa milioni 46 zilizobaki. Mchele wa nje ukiruhusiwa kuingia na bei ikaanguka hadi 215,000, fidia ya tofauti ya bei inapotea yote. Na baya zaidi, likitokea jambo la kuufanya mkataba usiwezekane au uwe haramu kabla ya tarehe 28, mkataba unakufa wenyewe bila mtu kuwa na kosa.

Hilo la mwisho lilimpata mwenye meli kwenye kesi ya Avery na Bowden ya mwaka 1855. Meli ilipelekwa Odessa kupakia shehena ndani ya siku 45. Wakala wa mkodishaji akamwambia nahodha, tena zaidi ya mara moja, kwamba shehena hakuna, aondoke. Nahodha akakaa, akidai shehena yake. Kabla siku 45 hazijaisha, vita ya Krimea ikaanza kati ya Uingereza na Urusi, na kupakia mzigo kwenye bandari ya adui kukawa haramu. Mwenye meli alipodai fidia akashindwa: kama mwanzoni kulikuwa na kuukana mkataba, yeye hakukubali, aliendelea kuushikilia mpaka vita ikauondoa. Kesi hizi za Uingereza si sheria yetu moja kwa moja, lakini mahakama zetu huzisoma, na Kenya sheria yao ya mikataba imechukua moja kwa moja misingi ya Kiingereza.

Mimi nilimshauri mama akate, na akakata. Barua ilikuwa na sentensi chache: umesema tarehe fulani kwamba hutaleta mzigo, kwa kusema hivyo umeukana mkataba, tunakubali ukanaji wako na mkataba umekwisha kuanzia leo, tunanunua kwingine na tutakudai tofauti ya bei pamoja na milioni 20 zetu. Sheria haidai umbo maalumu la barua, inatosha mwenzako ajulishwe waziwazi kwamba umeumaliza. Kukaa kimya kunaweza kusomeka vyovyote, na kutuma awamu nyingine ya malipo, au kupiga simu kuuliza "lori limetoka?", kunasomeka kuwa bado uko ndani.

Ukishakata, wajibu wa kupunguza hasara unaanza. Kifungu cha 73 kinataka njia ulizokuwa nazo za kujinusuru zihesabiwe. Kwa hiyo hukati Januari, ukakaa mpaka Februari, kisha ukadai kwa bei ya 280,000. Mama alinunua wiki ile ile kwa 250,000, akaweka risiti zote na bei za wauzaji watatu, ili asije akaambiwa alinunua kwa ndugu yake kwa bei ya kupanga.

Ningekuwa na kiwanja mkononi, au mashine iliyoagizwa kwa vipimo vya mteja, huenda ningesema tungoje na tuiombe mahakama imlazimishe kutekeleza, kwa sababu vitu hivyo huvipati kwa jirani. Mchele upo Tandale kila asubuhi.

Malipo ya awali yalirudi kwa awamu mbili baada ya barua ya madai. Milioni 9 za tofauti bado tunazibishania. Hoja yake mpya ni kwamba ile meseji ya kwanza ilikuwa utani, na ndiyo maana nafurahi tuna ya pili.